Kata hotuba, usimkate msemaji kauli

Mwaka jana nililetewa rekodi ya saa moja na dakika 34. Mwalimu wa jiolojia alikuwa amezungumza na wakaaji wa mtaa wetu hapa Goma, kwenye ukumbi wa parokia, juu ya mambo matatu ambayo mtoto wa hapa anayasikia kabla hajaanza shule: volkano ya Nyiragongo, mazuku, yaani gesi ya kuua inayotoka ardhini, na gesi ya Ziwa Kivu. Waandaaji walitaka vipande vitano vya kutuma WhatsApp, kila kimoja kama dakika moja na nusu, kwa sababu hakuna atakayemaliza mega zake kwa kusikiliza saa nzima.

Nilitumia akili mnemba, na kwa nusu siku nilikuwa na vipande vitano safi, vyenye maandishi chini na vichwa vya kuvutia. Kisha nikavisikiliza nikiwa na hotuba nzima kando. Vitatu kati ya vitano vilimfanya mwalimu aseme jambo ambalo hakulisema, ingawa kila neno lilikuwa lake na sauti ilikuwa yake.

Sababu yake si ya ajabu. Programu inatafuta mahali panapogusa: swali kali, hesabu kubwa, sentensi fupi iliyotamkwa kwa nguvu. Lakini mtu anapozungumza na watu ukumbini, sharti la maneno yake, ile "lakini" inayoyawekea mpaka, linaweza kuja dakika tatu baadaye, baada ya simu ya mtu kulia na mtoto kutolewa nje. Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na kukata. Unaanza na kutafuta masharti.

Hatua ya 1: Toa sauti, iwe nyepesi

Video ya saa moja na nusu ni nzito, na programu ya kunukuu, yaani ya kugeuza maneno kuwa maandishi, haihitaji picha. Toa sauti peke yake kwa `ffmpeg`, programu ya kukata na kubadilisha video kwa amri za kuandika:

```
ffmpeg -i hotuba.mp4 -vn -ac 1 -ar 16000 -b:a 32k hotuba.mp3
```

Kwa kipimo hicho cha kilobiti 32 kwa sekunde, dakika 94 zinakuwa kama megabaiti 23. Hata ukilazimika kuipandisha kwenye mtandao, haili mega nyingi. Video yenyewe usiiguse. Nakala yake iweke pahali pengine kabla hujafanya lolote. Umeme ukikatika katikati ya kazi, utafurahi.

Hatua ya 2: Nukuu, na uiambie programu lugha

Ninatumia Whisper, programu ya bure iliyotolewa na kampuni ya OpenAI mwaka 2022. Ikishapakuliwa inafanya kazi ndani ya kompyuta bila intaneti, na hilo kwangu ni jambo kubwa: maneno ya watu waliouliza maswali ukumbini hayaondoki nyumbani. Modeli ya kati ni kama gigabaiti moja na nusu. Kwenye kompyuta ya kawaida itachukua muda mrefu kuliko hotuba yenyewe, basi iwashe usiku ukalale.

```
whisper hotuba.mp3 --model medium --language sw --output_format srt
```

Hilo neno `--language sw` usiliache. Bila hilo, Whisper inasikiliza sekunde 30 za kwanza na kukisia lugha ya rekodi nzima. Huku kwetu hotuba inafunguliwa kwa Kifaransa: kumshukuru padri, kumshukuru chefu wa mtaa, kuwasalimu mabibi na mabwana. Mwalimu anaingia Kiswahili kwenye dakika ya tatu, lakini programu imeshaamua. Mara ya kwanza nilipata kurasa na kurasa za Kifaransa ambacho hakuna aliyekisema.

Hata ukiitaja lugha, tarajia makosa ya aina tatu. Moja, Kiswahili chetu inakivuta kuelekea kile cha vitabuni: "banasema" inakuwa "wanasema", na hilo halina ubaya, au inakuwa "bana sema", na hilo linachekesha tu. Mbili, pale watu wanapopiga makofi au kunyamaza, programu inaweza kubuni maneno. Utayajua kwa sababu sentensi ileile inajirudia mara tatu au nne mfululizo. La tatu ndilo la hatari, nami nitalieleza peke yake.

Katika Kiswahili, kukanusha mara nyingi kunakaa kwenye silabi moja mwanzoni mwa kitenzi. *Itafika, haitafika. Iko, haiko.* Ile "ha" ni pumzi tu. Mtu akiitamka haraka, au akiwa mbali na maikrofoni, au feni ikivuma nyuma yake, inapotea, na sentensi inayobaki ni nzuri kisarufi, haina kasoro ya kukushtua. Kwenye rekodi yangu mwalimu alisema "Kivu haiko Nyos," yaani Kivu si kama Nyos, ziwa la Kameruni lililoua watu kwa gesi. Maandishi yalikuja "Kivu iko Nyos." Anayesoma maandishi bila kusikiliza hawezi kugundua. Kwa hiyo, kwa kila sehemu utakayoitumia, sikiliza huku kidole kikifuata maandishi, na simama kwenye kila kitenzi uangalie mwanzo wake. Usifanye hivyo kwa hotuba nzima, utachoka na masikio yataacha kusikia. Fanya kwa zile dakika kumi utakazochagua.

Hatua ya 3: Chora ramani ya masharti kabla ya kutafuta mahali pazuri

Hapa ndipo wengi wanaporuka. Kabla hujaomba vipande, tafuta kwenye faili la maandishi kila pahali ambapo msemaji anajizuia, anajirekebisha au anaweka mpaka:

```
grep -n -i -w -E "lakini|isipokuwa|ila|hapana|mais|sauf" hotuba.srt
```

Herufi `-w` inaomba neno kamili. Bila hiyo, "ila" itakuletea kila "kila" na kila "bila" ya saa moja na nusu. Maneno mawili ya mwisho ni ya Kifaransa kwa sababu msomi wa hapa akitaka kuweka sharti, mara nyingi ulimi unakimbilia huko. Ongeza yale ambayo msemaji wako anayapenda. Mwalimu huyu alikuwa na "haina maana kama…", yaani "hilo halimaanishi kwamba…", na nyuma yake kila mara kulikuwa na jambo la maana sana.

Nilipata mistari arobaini na kitu. Niliiandika kwenye karatasi kwa dakika zake, maneno matatu manne kila mmoja: *42:05, Kivu si Nyos. 44:30, haina maana tulale. 61:50, hiyo ni kwa mwaka ule.* Karatasi hiyo moja iliniokoa mara nyingi kuliko programu yoyote.

Hatua ya 4: Omba majibu kamili, usiombe sehemu tamu

Sasa ndipo unaipa akili mnemba maandishi yenye dakika zake na kuiomba mapendekezo. Programu nyingi za kukata video zinafanya hatua hii zenyewe kwa kitufe kimoja na kukupa alama ya "hiki kitasambaa". Alama hiyo inapima mvuto, haipimi ukweli wa maana. Napendelea kuandika maagizo mwenyewe:

```
Haya ni maandishi ya hotuba, yenye muda.
Pendekeza sehemu 8, kila moja iwe jibu kamili kwa swali moja.
Kwa kila sehemu andika:
- swali linalojibiwa, na muda lilipoulizwa
- maneno 8 ya kwanza na 8 ya mwisho, kama yalivyo
- kila sharti au rekebisho linalohusu jambo hilo, hata kama liko mbali
- kama msemaji anatoa maoni yake au anasimulia ya wengine
Usibadilishe neno lolote. Usiandike vichwa.
```

Nimeomba nane ingawa nahitaji tano, kwa kuwa baadhi zitakufa njiani. Nimeomba maneno ya kwanza na ya mwisho kama yalivyo kwa sababu programu hizi zinakosea dakika bila haya: zitakuambia 41:15 na jambo liko 47:15. Ukiwa na maneno yenyewe, unayatafuta kwenye faili. Yasipopatikana, sehemu hiyo imebuniwa au imepambwa. Itupe bila kujadiliana nayo.

Maandishi yakiwa marefu mno kuingia mara moja, usiyakate kila dakika ishirini kama mkate. Kata kwenye maswali ya wasikilizaji, na uache dakika tano zijirudie kati ya fungu na fungu. Ukikata kwa saa, utaacha swali kwenye fungu moja na sharti lake kwenye fungu jingine, na programu haitakuwa na namna ya kujua.

Hatua ya 5: Weka kila pendekezo juu ya ramani

Nitaonyesha kwa mfano mmoja hadi mwisho, ule wa ziwa.

Dakika 38:50 mama mmoja alisimama akauliza: "Mwalimu, batu banasema ziwa italipuka kama ile ya Kameruni. Ni kweli?" Mwalimu akaanza kwa mbali, kama walimu wanavyofanya. Akasimulia usiku wa 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos kule Kameruni lilipotoa gesi ya kaboni dioksidi, ikashuka mabondeni, ikaua watu wapatao 1,700 pamoja na ng'ombe wao. Akasema Kivu ina gesi nyingi kuliko Nyos, tena nyingi mno, na ina metani pia. Ukumbi ulikuwa kimya kabisa. Hapo ilikuwa 41:20. Simu ikalia, watu wakaguna, mtu akatoka nje.

Akaendelea 42:05: "Lakini Kivu haiko Nyos." Akaeleza kwamba gesi ya Kivu iko chini sana, kiasi kikubwa kikiwa zaidi ya mita 250 kwenda chini, na uzito wa maji ya juu unaikandamiza huko. Maji ya chini bado hayajafika kiwango cha kushindwa kuishika. Akakumbusha kwamba mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji ikaingia ziwani, na gesi ya kilindini haikupanda. Aliishia 43:10. Kisha akaacha njia kidogo akasema juu ya mtambo wa upande wa Rwanda unaotoa metani ziwani na kufanya umeme. Na 44:30 akarudi: "Haina maana tulale. Inafaa kupima kila wakati, juu mambo ya chini inaweza kubadilika."

Programu ilinipa vipande viwili kutoka hapo. Cha kwanza kilianza 39:10 kikaisha 41:20: Nyos, watu 1,700, Kivu ina gesi zaidi, kimya. Kipande kitamu kupita vyote, na ni tishio tupu. Cha pili kilianza 42:05 kikaisha 43:10: Kivu si Nyos, gesi imekandamizwa, 2002 haikupanda. Hicho kingetuliza watu kupita kipimo, kama vile mwalimu amesaini karatasi kwamba halitatokea kamwe.

Ukiweka vyote viwili juu ya ramani, unaona papo hapo. Cha kwanza kinaishia kabla ya mstari wa 42:05. Cha pili kinaishia kabla ya mstari wa 44:30. Kanuni ninayofuata ni hii: kama kuna sharti linalohusu jambo hilo, ama liingie ndani ya kipande, ama kipande kisitoke. Maelezo chini ya video hayahesabiki, na hili nalisema kwa uchungu. Mtu akituma mbele kipande kwenye WhatsApp, maandishi uliyoyaweka kando yanaweza kubaki nyuma. Kinachosafiri ni picha na sauti. Kitu kisichomo ndani ya picha au sauti, msikilizaji wa tatu hatakipata.

Basi kipande cha haki kilikuwa na sehemu tatu: swali la mama kwa sekunde 12, jibu la 42:05 hadi 43:10, na sharti la 44:30 hadi 44:50. Jumla sekunde 97. Nyos nikaiacha yote, kwa sababu kuielezea vizuri kunataka kipande chake. Wengine wataniambia sekunde 97 ni nyingi, watu wanataka 45. Sawa, lakini sekunde 45 za hotuba hii hazipo. Kilichopo ni sekunde 45 za hotuba nyingine ambayo mwalimu hakuitoa.

Hatua ya 6: Kata, na uonyeshe pale ulipokata

```
ffmpeg -ss 00:42:05 -to 00:43:10 -i hotuba.mp4 -vf "fade=t=in:d=0.4" -c:v libx264 -c:a aac b.mp4
```

Fanya hivyo kwa kila sehemu, uziite `a.mp4`, `b.mp4` na `c.mp4`, kisha uziandike kwenye faili la `orodha.txt`, kila moja kwenye mstari wake kwa namna hii: `file 'a.mp4'`. Halafu ziunge:

```
ffmpeg -f concat -safe 0 -i orodha.txt -c copy ziwa.mp4
```

Ile `fade` inaifanya kila sehemu ianze kwenye giza kwa chini ya nusu sekunde. Haipo kwa ajili ya urembo. Inamwambia mtazamaji kwamba hapa pamekatwa. Programu za kisasa zina kitufe cha kuondoa mapengo na kuunga sentensi mpaka mdomo usionyeshe mshono, na ukikitumia katikati ya hoja unatengeneza sentensi ambayo haikuwahi kusemwa. Kuondoa "eee" na kikohozi ndani ya sentensi moja, sawa. Kuunga dakika ya 43 na ya 44 bila alama, hapana.

Unaweza kuona watu wakikata kwa `-c copy` moja kwa moja kwenye video ndefu kwa sababu ni haraka. Tatizo ni kwamba kwa njia hiyo mkato unafuata fremu kuu za video, na mwanzo unaweza kuteleza kwa sekunde kadhaa. Kwa Kiswahili, sekunde moja inatosha kula "lakini".

Sauti ya mama aliyeuliza ni ya mtu, si mali ya waandaaji. Tulimtafuta tukamwomba ruhusa. Angekataa, ningeandika swali lake kwenye skrini nyeusi kwa sekunde tano na kumwacha mwalimu ajibu.

Hatua ya 7: Maneno ya watu wengine mdomoni mwa msemaji

Hili nalitenga kwa sababu nusura liniponyoke, na lilikuwa baya kuliko la ziwa.

Mazuku ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kulala kwenye mashimo na mabonde, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Haina rangi wala harufu. Asubuhi mapema, upepo ukiwa umetulia, shimo linaweza kuwa limejaa na anayeshuka anaanguka kabla hajafikiri. Upande wa Bulengo watu wanaijua vizuri. Mwalimu alieleza namna watu wanavyokufa wawili wawili: "Mutu anaona mutoto ameanguka mu shimo, anasema: nashuka, namutosha mbio mbio. Njo ile inauwa wa pili."

Programu ilikata kabla ya sentensi ya mwisho na kupendekeza kichwa: "Ukiona mtoto ameanguka, shuka umtoe haraka." Kinyume kabisa cha somo.

Mtu anayezungumza Kiswahili anaigiza. Anabeba sauti ya jirani, ya mkwe, ya mjinga wa hadithi, kisha anaiangusha. Ukumbini tunaelewa kwa sababu sauti inabadilika na mkono unapunga. Kwenye maandishi yote yanakuwa maneno ya mwalimu. Kwa hiyo tafuta kwenye faili "anasema", "banasema", "unasikia mtu", "eti", na kwa kila moja sikiliza ujue nani anasema na mahali anapoishia. Kipande kisianze ndani ya uigizaji wala kisiishie ndani yake.

Na vichwa viandike mwenyewe. Nilichozoea ni kutumia maneno ya msemaji, au swali aliloulizwa. Kichwa kisiwe na neno lenye nguvu kuliko yote yaliyomo. Kama alisema "inaweza", kichwa hakiwezi kusema "itafanya".

Hatua ya 8: Tarehe ndani ya picha

Hapa tuna sababu yetu. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka jioni, na tarehe 27 serikali ikaamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Video ya mtu anayesema "ondokeni sasa hivi" ilikuwa sahihi siku hiyo. Ukiipokea leo bila tarehe, unafunga godoro.

Basi popote msemaji anaposema "sasa", "mwaka huu", "juzi" au "wiki ijayo", jiulize maneno hayo yatasomekaje baada ya miaka mitatu. Mimi naandika kwenye kona ya video, kwa muda wote wa kipande, mwezi na mwaka, mahali, kazi ya msemaji, na "kipande 2 kati ya 5". Maandishi madogo lakini yanayosomeka kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, maana simu nyingi ziko hivyo. Angalia pia "hii" na "hapa": mwalimu akisema "mnaona hii mustari" huku akionyesha ramani ambayo kamera haikuinasa, kipande hicho hakifai, hata kama sauti yake ni dhahabu.

Ukigeuza video kuwa ya kusimama kwa ajili ya simu, programu inaufuata uso na kuitupa ramani nje ya fremu. Kwenye dakika za ramani, acha video ilale.

Hatua ya 9: Mtu ambaye hakuwepo

Wewe umeisikia hotuba mara kumi. Akili yako inajaza mapengo yenyewe, kwa hiyo huwezi tena kuwa shahidi. Tafuta watu wawili ambao hawakuwepo. Mimi nilimpelekea mama anayeuza samaki wadogo wa sambaza pale Kituku, na kijana wa pikipiki anayenibeba asubuhi.

Usiulize "umeelewa?", kwani kila mtu atajibu ndiyo ili usimwone mjinga. Uliza hivi, baada ya kuonyesha mara moja tu: "Mama, amesema nini? Na wewe amekuambia ufanye nini?" Kisha nyamaza. Andika jibu kama lilivyo, ulilinganishe na ramani yako.

Kwa kipande cha ziwa, mama alisema: "Anasema ziwa haitalipuka saa hii, lakini bapime." Hiyo ndiyo hotuba. Kwa kipande cha mazuku, hata baada ya kukirekebisha, yule kijana alisema: "Anasema mtoto akianguka umuache." Tukarudi kazini. Mwalimu alikuwa ameeleza, dakika nne baadaye, kwamba uite watu, na asiyekuwa na kifaa cha kupumulia asishuke. Maneno hayo hayakuwa na "lakini" wala "ila", ndiyo maana `grep` haikuyaona. Nikayaunga. Kijana mwingine akaulizwa, akajibu sawa.

Hatua ya 10: Msemaji aone kabla ya watu

Mpelekee vipande vyote pamoja na karatasi moja: kila kipande, dakika zake kwenye hotuba nzima, na ulichokiacha kati ya sehemu na sehemu. Mstari wa kilichoachwa ndio atakaousoma kwanza. Mpe siku mbili, na usimtumie usiku wa kuamkia kuchapisha, maana hapo unamwomba baraka, humwombi ukaguzi.

Mwalimu wetu alijibu kesho yake kwa ujumbe wa sauti. Vinne alivikubali. Cha tano, kile cha dalili za volkano, alikitazama mara mbili, akasema: "Kijana, hapa nilikuwa najibu papa mmoja wa mbele aliyeuliza juu ya siku ile. Hakuna aliyemsikia kwenye rekodi. Bila yeye, inaonekana natabiri." Nikarudi kwenye 61:50. Kweli, swali halikunaswa, kulikuwa na mngurumo tu. Kwenye ramani yangu mstari ulikuwepo, *hiyo ni kwa mwaka ule*, nami nikaupita. Tukatuma vinne, na pale kwenye kona nikabadilisha "kati ya 5" kuwa "kati ya 4".